Mlinzi kakesha usiku 5, Excel inaniambia saa 0:00. Nimlipe nini?

Msimamizi_Nzuguni: Wakuu, shikamooni. Nasimamia walinzi wa usiku, wanaingia saa 12 jioni, wanatoka saa 12 asubuhi. Leo Jumamosi ni malipo ya wiki. Kijana kaingia Jumatatu hadi Ijumaa. Kila zamu inasoma 12:00 vizuri, jumla inasoma 0:00. Yupo mlangoni ananisubiri.

Pangu_Pakavu: Mpe sifuri yake aende nayo 😂

Mama_Kizota: Walinzi wanadhulumiwa sana. Marehemu mume wangu alilinda ghala la alizeti miaka, mshahara ukichelewa tunakula mlenda mtupu. Mlipe mtoto wa watu.

Fundi_Hesabu: Zamu moja umeipataje?

Msimamizi_Nzuguni: `=MOD(C2-B2,1)`

Kaka_Chamwino: Hapo ndipo ulipokosea. Toa, kisha ongeza 1, basi.

Fundi_Hesabu: Kaka, hiyo inafaa usiku tu. Akiingia zamu ya mchana itampa saa 24 za bure. MOD yake iko sawa. Shida ya kwanza ni mwonekano: seli ya `h:mm` ikifika 24 inaanza upya kama saa ya ukutani. Weka `[h]:mm`. Lakini mleta mada, usiku 5 ni saa 60, ungeona 12:00. Ili uone 0:00 lazima jumla iwe 24, 48 au 72. Una mistari mingapi?

Msimamizi_Nzuguni: Sita.

Fundi_Hesabu: Usiku 5, mistari 6?

Msimamizi_Nzuguni: Zamu ya tarehe 31 Julai iliishia Agosti mosi. Kila mwezi una ukurasa wake, nikaiandika kote kuwili. Bosi anataka kila mwezi ujitegemee, sijakosea.

Fundi_Hesabu: Umekosea. Iandike mara moja, kwa tarehe aliyoingia. Bosi aking'ang'ania miezi, ikate: 18:00 hadi 24:00 Julai, 0:00 hadi 6:00 Agosti. Sita na sita, siyo kumi na mbili mara mbili. Halafu kabla ya kuzidisha na malipo ya saa, zidisha jumla kwa 24, maana Excel inahesabu siku.

Wakili_Mtaani: Saa 60 zimepita 45 za wiki. Hizo 15 ni mara moja na nusu, na kuanzia saa 2 usiku hadi 12 asubuhi kuna nyongeza ya asilimia 5. Sheria ya kazi ya 2004.

Pangu_Pakavu: Mlinzi wa kulipwa kwa wiki Dodoma? Hii chai, tena haina sukari.

Msimamizi_Nzuguni: Ni vibarua wa mabanda ya Nanenane, mkuu! Mwenzake nimeshamlipa asubuhi kwa kuhesabu mistari. Nitamkata wiki ijayo.

Mama_Kizota: Kosa lako, umkate yeye?

Msimamizi_Nzuguni: Pesa si yangu, mama.

Fundi_Hesabu: Sasa inasomaje?

Msimamizi_Nzuguni: 60:00. Kijana kanionyesha daftari lake, kaandika 60 tangu alfajiri. Yule mwenzake simu haipatikani.