UZI: Kufomati siyo kufuta! Acheni kuuza kompyuta zenye mafaili ya watu ndani

Kitasa_Kikavu

Wakuu, leo nimekuja na hasira na sitaomba radhi.

Kila siku naona matangazo ya laptopu zilizotumika: "imefutwa yote, Windows mpya, safi kama ya dukani". Ukimuuliza muuzaji ameifutaje, anakujibu "nimefomati". Basi hujafuta kitu ndugu yangu, umepaka rangi mlango ukaacha vyombo vyote ndani.

Chukua laptopu yenye diski ya kuzunguka ya GB 500 iliyokuwa imejaa. Muuzaji anachomeka flashi ya Windows, anafuta vigawanyo vyote kwenye ile skrini ya usakinishaji, anabonyeza Next. Nusu saa baadaye Windows mpya imekaa. Kinachosahaulika ni kwamba kufuta vigawanyo ni kufuta orodha tu, yale mafaili hayakuguswa. Windows mpya yenyewe inaandika kama GB 25 hivi. Zile 475 zilizobaki hakuna aliyeziandikia chochote, kwa hiyo picha, mikataba na skani za vitambulisho viko palepale vilipokuwa jana. Mnunuzi akifungua PhotoRec, programu ya bure, anavikusanya huku anakunywa chai.

Na mafundi ndio wananikera zaidi, maana wanachukua hela ya kazi hiyo hiyo wakiiita "kusafisha diski".

Kwa diski ya kuzunguka kazi yenyewe wala siyo ngumu. Washa mashine kwa flashi ya Linux, fungua terminali kama root, kwanza ujue diski ni ipi:

```
lsblk -d -o NAME,SIZE,ROTA,TRAN,MODEL
```

ROTA ikiwa 1 ni ya kuzunguka, 0 ni SSD. Lakini flashi nayo mara nyingi inajitangaza kuwa 1, kwa hiyo soma TRAN: penye `usb` ndipo ulipowashia, usipaguse. Tuseme diski yako ni sda:

```
dd if=/dev/zero of=/dev/sda bs=4M oflag=direct status=progress
```

Kwa mwendo wa MB 100 kwa sekunde, GB 500 zinakula sekunde 5,000, kama saa moja na nusu. Weka mbili, kwa sababu diski hupungua mwendo inapokaribia katikati ya sahani. Mwisho itakuambia `No space left on device`. Hiyo siyo hitilafu, maana yake imefika ukutani. Ukiona `Input/output error` kabla ya hapo, hilo ni tatizo: imekutana na sekta mbovu ikasimama, na kila kilicho mbele yake hakijafutwa.

Halafu hakikisha. Hii hatua hakuna fundi anayeifanya:

```
cmp /dev/sda /dev/zero
```

Jibu zuri ni `EOF on /dev/sda`, yaani imesoma mpaka mwisho na haikukuta kitu zaidi ya sifuri. Ikisema `differ`, rudi ukaanze upya. Windows mnaiweka BAADA ya hapo, siyo kabla.

MzeeWaMizunguko

Mkuu umesema kweli ila umekosea pakubwa. Mara moja haitoshi. Kiwango ni mara 35, ukipunguza sana mara 7. Ukiandika sifuri mara moja maabara wanasoma kivuli cha data ya zamani kwenye sumaku. Mimi hata SSD naipiga 7 ndipo nalala usingizi.

Kitasa_Kikavu

Mzee, hiyo 35 inatoka kwenye andiko la Gutmann la 1996, na mizunguko mingi kati ya hiyo ilitungiwa namna za kuandika sumaku ambazo diski za leo hazitumii kabisa. Mwongozo wa NIST 800-88 uliorekebishwa 2014 uliridhika na mara moja kwa diski za sumaku za kisasa. Mara 35 kwenye hizo GB 500 ni zaidi ya siku mbili mfululizo, na huongezi chochote isipokuwa joto.

Ila hapo uliposema unapiga SSD mara 7 ndipo uliponitisha.

nvme_na_kahawa

Ngoja nimsaidie mleta uzi kwenye SSD, maana ni mnyama mwingine.

Kwenye SSD ukiiambia "andika sifuri kwenye sekta ya 1000", haiandiki juu ya chembe zilezile. Inachukua chembe nyingine zilizo tupu, inaandika huko, kisha inabadilisha ramani yake. Zile za zamani zinasubiri kusafishwa baadaye. Zaidi ya hapo kila SSD ina akiba ambayo kompyuta haiioni kabisa. Kwa hiyo Mzee, `dd` yako ya mara 7 inakula umri wa diski mara 7, na bado kuna kona hujafika. Na `cmp` itakuambia kila kitu ni sifuri, kwa sababu nayo inasoma kupitia ramani hiyohiyo. Kuwa mkweli, mnunuzi wa kawaida naye anapitia ramani hiyo, haoni kitu. Anayeona ni atakayezing'oa chipu na kuzisoma moja moja.

Dawa ni kuiagiza diski ijifute yenyewe. Kwa NVMe:

```
nvme sanitize /dev/nvme0 -a 2
nvme sanitize-log /dev/nvme0
```

Ya kwanza inaanzisha kufuta chembe zote pamoja na akiba. Inarudi papo hapo, watu wanadhani imemaliza, wanazima. Haijamaliza. Rudia ya pili mpaka SPROG ifike 65535, kisha angalia SSTAT: 0x101 inamaanisha imekamilika bila kosa. Umeme ukikatika katikati, diski ikiwaka inaendelea na kufuta, haina kughairi.

Diski za bei nafuu nyingine hazina sanitize, zitakukatalia. Hapo tumia `nvme format /dev/nvme0n1 -s 1`.

Na kama `lsblk` haikuonyeshi NVMe yoyote wakati unajua imo, ingia BIOS uangalie kama mpangilio wa RAID au VMD umewashwa. Uzime, futa diski, ndipo usakinishe Windows.

Bi_Terminali

Na SSD za SATA? Mimi nikijaribu `hdparm` inaniambia frozen. Nimebadilisha kebo, bado.

nvme_na_kahawa

Dada, kebo haina kosa. BIOS nyingi huifungia diski amri za usalama kila mashine inapowaka, ili kirusi kisije kuiwekea nywila. Ukiona `frozen` bila `not` mbele yake kwenye `hdparm -I /dev/sda`, ilaze mashine usingizi (`systemctl suspend`), subiri sekunde chache, iamshe, angalia tena. Mara nyingi inarudi `not frozen`. Kisha:

```
hdparm --user-master u --security-set-pass futa /dev/sda
hdparm --user-master u --security-erase futa /dev/sda
```

Nywila iwe rahisi na uiandike pembeni. Ikikatika katikati, diski inabaki imefungwa kwa nywila hiyo na hakuna mashine itakayoisoma mpaka urudie amri ya pili. Ikimaliza vizuri, nywila inajiondoa yenyewe. Usifanye hii kupitia kasha la USB, vipande vingi vya kugeuza SATA kwenda USB havipitishi amri hizi sawasawa, na ukikwama hapo utalia.

Kitasa_Kikavu

Hapa tutagombana kidogo. Unaamini tu diski ikisema "nimejifuta"? Utafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, wa 2011 ulikuta SSD iliyoripoti imefanikiwa na data yote ilikuwa bado imo.

nvme_na_kahawa

Ndiyo, ila hizo ni SSD za 2011. Mimi naagiza diski ijifute, kisha nasoma. Ikirudisha mafaili ya zamani nimeijua ni mwongo.

Kitasa_Kikavu

Umesema mwenyewe kusoma kunapitia ramani. Akiba utaithibitishaje? Kwa data nzito mimi naing'oa SSD nabaki nayo, nauza mashine bila diski.

nvme_na_kahawa

Sawa kwa data nzito. Kwa laptopu ya mwanafunzi ni kupoteza SSD bure. Au mashine iwe imesimbwa kwa BitLocker tangu siku ya kwanza, kabla ya faili la kwanza kuingia. Hapo hata kikibaki kipande kwenye akiba, ni takataka isiyo na ufunguo. Ukiiwasha leo ili uuze kesho haisaidii sana, maana maandishi ya wazi yalishatapakaa humo.

MzeeWaMizunguko

Na leseni ya Windows je? Nikifuta diski nzima si namuuzia mtu mashine isiyo na leseni?

Bi_Terminali

Mzee, kwa laptopu zilizotoka kiwandani na Windows 8 au ya baadaye, ufunguo uko kwenye chipu ya ubao mama, siyo kwenye diski. Sakinisha toleo lilelile, Home kwa Home, ikipata intaneti inajiwasha. Ila usisahau kutoa nywila ya BIOS. Na Windows mpya ikifika pale inapouliza nchi, zima hapohapo. Akaunti atafungua mnunuzi.

kijana_wa_picha

Samahani wakuu, sijasoma yote. Mimi nimefomati diski ya TB 1 ya kuzunguka kwa bahati mbaya, ile fomati ya haraka, na picha za harusi zilikuwa humo. Hizo amri ndizo zinarudisha?

Kitasa_Kikavu

HAPANA! Usiandike amri yoyote ya humu! Zote ni za kuua. Usisakinishe kitu kwenye hiyo diski wala usinakili chochote. Ichomeke kwenye mashine nyingine, endesha PhotoRec, mahali pa kuhifadhia chagua diski TOFAUTI. Majina ya mafaili yatakuwa yamepotea.

kijana_wa_picha

Asante sana mkuu, picha zinatoka! Zinaingia kwenye folda recup_dir.1, recup_dir.2, zinaitwa f0482816.jpg na kuendelea. Ila kuna kitu sielewi. Humu kuna PDF za vyeti vya shule na hati ya kiwanja, jina siyo langu wala la mtu ninayemjua. Hii diski niliinunua iliyotumika, muuzaji alisema ameifuta.

Kitasa_Kikavu

Usizifungue zaidi. Toa picha zako, hakikisha zinafunguka zote, hizo nyingine futa. Kisha rudi juu uanze na `lsblk`.

MzeeWaMizunguko

Muuzaji alipiga mizunguko mingapi?