Rezistensi imevunjwa, bei inarudi kuigusa: niingie wapi?

Mshumaa_Mmoja: Wakuu, naombeni ushauri. EURUSD kwenye H4 iligonga 1.0850 mara tatu ikakataliwa. Safari ya nne imefunga juu, ikafika 1.0880. Sasa hivi inashuka, ipo 1.0856. Rezistensi ikivunjwa si inageuka sapoti? Niweke oda palepale 1.0850 au nisubiri? Sijalala.

BabaLoti: Nunua. Ikivunja na kurudi, inapaa.

Bibi_Chati: Haipai kila mara, BabaLoti. Na hiyo 1.0850 si mstari wa rula. Angalia mikia ya mishumaa ya zamani, utaona eneo, tuseme 1.0842 hadi 1.0850. Acha bei ilikaribie au iingie humo, kisha shuka M15 usubiri mshumaa ufunge juu ya kilele kidogo cha mwisho. Tuseme hapo ni 1.0858: stop losi 1.0832, chini ya eneo, ni pipsi 26. Lengo 1.0920 ni pipsi 62. H4 ikifunga chini ya 1.0842, uvunjaji ulikuwa wa uongo, toka.
Oda ya kusubiri inakupa bei nzuri zaidi, ila chati nyingi zinaonyesha bei ya kuuza. Wewe unanunua juu yake kwa kiasi cha spredi, kwa hiyo bei inaweza kugusa 1.0850 ikaondoka bila wewe.
Swali: una oda wazi tayari?

Dhahabu_Tu: Mimi nilisubiri irudi kwenye XAUUSD, siku tatu haikugeuka nyuma hata kidogo. Tangu hapo nikiona imevunja narukia tu. Mke wangu anaita ugonjwa.

Mshumaa_Mmoja: Bibi, ndiyo. Nilinunua 1.0879 mshumaa haujafunga. Lakini sikukosea, wazo ni lilelile. Nataka kuongeza tu.

Bibi_Chati: Wazo lilelile, hesabu tofauti. Kutoka 1.0879, stop ileile ni pipsi 47, na lengo lilelile ni pipsi 41. Ukiongeza sasa, unaokoa oda mbaya kwa jina la ritesti.

Kaa_Chonjo: Subirini. Leo Jumamosi, soko limefungwa. Hiyo "sasa hivi inashuka" anaiona wapi? Hadithi hii ni ya kutunga.

BabaLoti: Hahaha, kanaswa!

Mshumaa_Mmoja: Situngi. Ni bei ya kufungia wiki, nimeiangalia tangu jana. Oda imebaki wazi. Na stop losi niliitoa, kila nikiiweka inaguswa kisha bei inapanda.

Kaa_Chonjo: Kumbe. Afadhali ungekuwa unatunga.

Bibi_Chati: Majukwaa mengi hayatakuruhusu kuirudisha mpaka soko lifunguliwe. Likifunguka na pengo chini ya 1.0842, usingoje ritesti: funga. Likifunguka ndani ya eneo, weka stop 1.0832 kwanza, kabla ya kufikiria kuongeza.

Mshumaa_Mmoja: Na likifunguka juu ya 1.0879?

BabaLoti: Nunua.