Naomba ushauri: kufuta data za aliyejitoa kwenye orodha ya barua pepe

Habarini wanajamvi. Nasimamia orodha ya barua pepe ya walimu hapa Nairobi, tunatumia Mailman 2.1. Mwalimu mmoja alijitoa mwenyewe kwa kuandika kwenye anwani ya orodha yenye `-leave`, akathibitisha, akatoka. Sasa anataka data zake zote zifutwe, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa haki ya kuomba hivyo.

Shida ni kwamba kujitoa kumemwondoa kwenye majina ya wanachama tu. Namba yake ya simu bado inasomeka chini ya kila ujumbe aliowahi kutuma. Najua nikishahariri faili ya mbox lazima nijenge kumbukumbu upya:

```
arch --wipe walimu
```

Lakini nikitoa ujumbe mzima, namba za jumbe zinazofuata zinasogea na viungo vya zamani vinampeleka mtu kwingine. Naona afadhali ujumbe ubaki, nifute jina, anwani na maandishi yake.

Ninapokwama ni majibu ya wenzake waliomnukuu, pamoja na bekapu za seva. Mliowahi kulifanya hili, nukuu mlizisafisha moja moja? Na bekapu je, mlizifungua au mlingoja muda wake uishe?