MREJESHO: mtoto wa miaka 2 na dripu

Niliuliza: "Mwanangu ana miaka 2, analazwa siku tatu za dripu na sindano, nimwandaeje na nimshikeje asiogope?"

Jamani nimerudi, tumesharuhusiwa. Kumwambia mapema sana sikuona maana, umri huu hajui kesho kutwa ni nini, nikamwambia asubuhi ileile tukiwa na mdoli wake, tukamfunga bandeji mkononi na kamrija ka kuchezea. Akaniuliza "uma?" nikasema ndiyo, itauma kidogo halafu inaisha. Sikumdanganya na nashukuru maana sindano ya pili alikuwa bado ananiamini.

Kwenye kuwekewa kanula, kale kamrija ka dripu kanakoingia mshipani, nesi alitaka alazwe kitandani ashikwe miguu na mikono, nikaomba nimpakate, kifua kwa kifua, miguu yake huku na huku kiunoni kwangu, mkono wake mmoja nimeupitisha chini ya kwapa langu nesi akaufanyia kazi huko nyuma asikoona. Alilia, ndio, ila hakupigana. Kuna krimu ya ganzi pia lakini inapakwa kama saa nzima kabla, sisi tulichelewa kuiomba.

Usiku wa pili akaanza kulia kila dripu ikikimbia, nikadhani ni deko tu, kumbe mkono umevimba, umekaza na ni wa baridi ukilinganisha na mwingine, dripu imetoka kwenye mshipa. Nikamwita nesi akaifunga, akahamishia mkono mwingine. Tangu hapo nikawa nachungulia kila nikiamka, na soksi niliyomvalisha juu ya kanula asiing'oe nikaikata vidole nione ngozi.