Wakala wa ajira anataka namba ya bosi wangu wa sasa, nimwambieje asimpigie kwanza?

Tumbawe22: Wakuu habari za jioni. Mimi mhasibu hapa Dar, kuna dada wa uwakala wa ajira alinitafuta LinkedIn akasema ana mteja anataka mhasibu, nikamtumia sivii. Leo kanitumia fomu ya mtandaoni, kwenye wadhamini wanataka jina, simu na imeili ya msimamizi wa sasa na ukiacha wazi haiendi. Mkataba wangu unaisha mwezi wa 12, bosi akisikia natafuta kwingine hatanipa mwingine, mwenzangu yalimkuta hivyo hivyo. Na hata usaili bado sijafanya. Nimwambieje bila kuonekana kuna kitu naficha?

Kokwa_Mbili: Weka namba ya rafiki yako ajibu kama bosi, wengi wanafanya hivyo na inapita.

MamaNurdin: Hapana jamani msimdanganye kijana. Nimefanya hii kazi ya kutafutia watu ajira miaka 9, namba ya mdhamini tukiitilia shaka tunapiga mapokezi ya kampuni tunamuomba huyo bosi kwa jina, hapo ndo bosi halisi anashika simu na wewe umeumbuka kwote kuwili.

Mdogo wangu, ombi lako ni la kawaida, nalisikia kila wiki. Ila usiliseme kwa simu tu, andika, maana kesho faili lako linaweza kushikwa na mtu mwingine ambaye hukuongea naye. Andika hivi:

"Dada habari, kazi naitaka na niko tayari kwa usaili. Mwajiri wangu hajui kama natafuta, naomba asipigiwe wala kuandikiwa kwa sasa. Wadhamini wawili niliowaweka ni wasimamizi wangu wa kazi iliyopita, hao wapigie hata leo. Wa sasa nitakupa namba yake nikipata ofa ya maandishi. Naomba pia sivii yangu isiende kampuni yoyote kabla hujanitajia jina lake."

Hiyo sentensi ya mwisho usiiache. Mawakala wengi hawamtaji mteja mwanzoni, na niliwahi kuona sivii ya mtu inatua kwenye kampuni dada ya hapo hapo anapofanya kazi, utumishi wao ni mmoja.

Tumbawe22: Asante sana mama. Na fomu inayokataa je?

MamaNurdin: Imeili ya bosi usiiweke kabisa, mifumo mingine ukibonyeza kutuma tu inamwandikia mdhamini yenyewe bila mtu kuamua. Kwenye jina andika "atatajwa baada ya ofa", simu na imeili weka zako, halafu mwambie dada umefanya hivyo ili asije akashangaa.

Wakili_Mtarajiwa: Mbona mnahangaika, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, kwa kawaida hawaruhusiwi kuulizia habari zako kwa mtu mwingine bila ridhaa yako. Wakipiga unalalamika Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, imeisha.

Sadala_K: Mkuu sheria ipo kweli, lakini mimi ridhaa niliisaini mwenyewe bila kujua. Wakala alitunza siri vizuri tu, ila nilipofika hatua ya mwisho nikaletewa karatasi ya kampuni nyingine inayohakiki historia za watu, ndani kuna mstari unasema naruhusu waulizwe "waajiri wa sasa na wa zamani". Nikasaini haraka haraka, keshokutwa yake utumishi wakaniita wananiuliza unahama? Kazi mpya niliipata ila zile wiki 4 za notisi nilizimaliza nikiwa sisemeshwi. Usome hiyo karatasi, neno "wa sasa" likate kwa kalamu, saini pembeni, uwaambie.

Zuhura wa Makorora: Kaka kwani ukiwa na mkataba wa muda maalum notisi unatoa ya siku ngapi? Na mimi nataka kuacha.

Sadala_K: Dada fungua uzi wako, hapa tutachanganya mambo.

MamaNurdin: Sadala kasema jambo kubwa. Niongeze moja, ofa ikija itakuwa na sharti la kuridhika na wadhamini, kwa hiyo usiandike barua ya kuacha kazi siku hiyo. Ruhusu bosi apigiwe, subiri wakuandikie kwamba sharti limeisha, ndo uache.

Tumbawe22: Lakini mama si ndo bosi anajua kabla sina uhakika?

MamaNurdin: Ndiyo, zile siku mbili tatu hazikwepeki ukiwa na mwajiri anayelazimisha wa sasa. Wengine wanakubali barua ya ajira na salari slipu badala ya simu, muulize dada mapema kama mteja wake yumo.

Tumbawe22: Mrejesho: nimetuma jana usiku, kajibu asubuhi hii "sawa, nimeandika kwenye faili lako", na mteja kamtaja, siyo kampuni yetu. La salari slipu amesema atamuuliza mteja, bado nasubiri.