Kusawazisha sauti ya vipindi vya podikasti: Normalize, Loudness Normalization au ffmpeg?

SautiNjiro
Habari za jioni wakuu. Nina podikasti ya wakulima wa kahawa, nimefika kipindi cha 12. Juzi nilikuwa Moshi kwa shangazi, anasikiliza huku anamenya ndizi za mtori. Cha 11 kikaisha, cha 12 kikaanza, akafuta mikono kwenye kanga akaongeza sauti. Baada ya muda mkulima akacheka, shangazi akafuta mikono tena kupunguza. Niliona aibu kwa kweli.

Cha 11 nilirekodi nyumbani Njiro, maikrofoni iko karibu na mdomo. Cha 12 ni kibarazani kwa mkulima, Kibosho, kinasa sauti kimekaa mezani. Nimepitisha vyote kwenye Normalize ya Audacity hadi -1 na tofauti bado ipo. Sasa niende Loudness Normalization ya humohumo Audacity, au nihamie loudnorm ya ffmpeg?

ChaliiWaSakina
Usijichoshe chalii wangu. Normalize -1 kisha bana na kompresa ya nguvu, imeisha hiyo. Mimi mwaka wa pili nafanya hivyo. Na kama unataka namba, ni -14. Spotify wanatumia hiyo.

FundiMawimbi
SautiNjiro, kabla ya kuchagua dawa pima kwanza. Chukua mafaili ya mwanzo, yale ambayo hujayagusa, uendeshe hii:

```
ffmpeg -i kipindi12.wav -af loudnorm=I=-16:TP=-1.5:print_format=summary -f null -
```

Haibadilishi kitu, inasoma tu. Niletee Input Integrated, yaani wastani wa ukubwa wa sauti unaopimwa kwa LUFS, na Input True Peak, yaani ncha ya juu kabisa, za vipindi vyote viwili.

SautiNjiro
Cha 11: Integrated -19.4 LUFS, True Peak -4.2.
Cha 12: Integrated -24.1 LUFS, True Peak -3.0.

FundiMawimbi
Basi jibu lako liko hapo. Normalize haijui sikio linasikia nini, inatafuta ncha moja iliyo juu kuliko zote, inaipandisha hadi -1 na faili zima linafuata. Cha 11 kimepanda 3.2, kikawa kama -16.2. Cha 12 kimepanda 2 tu, kikawa -22.1. Kabla hujagusa kitu vilipishana 4.7, baada ya Normalize vinapishana 5.9. Umeongeza tatizo.

Sikiliza mahali ilipo hiyo ncha ya -3. Naweka dau si sauti ya mtu.

SautiNjiro
Duh. Ni kikombe! Mama mwenye nyumba ametua kikombe cha chai mezani, sentimita chache kutoka kwenye kinasa sauti. Kikombe kimoja kimeshikilia mahojiano ya dakika arobaini.

MzeeWaKwaya
Vijana, mimi nina kanda za kwaya yetu ya Machame, nimeziingiza kwenye kompyuta. Nikicheza kwenye gari sauti ya nne haisikiki kabisa. Hiyo loudnorm itaipandisha?

FundiMawimbi
Shikamoo mzee. Hapana, yenyewe inapima wote kwa pamoja, haiwezi kumtenga mwimba besi. Na kwa kwaya usiiendeshe mara moja bila vipimo, maana hapo inapandisha na kushusha sauti njia nzima. Sehemu mliyoimba taratibu itavutwa juu, na ladha ya wimbo itapotea.

SautiNjiro, nawe ndivyo utakavyoharibikiwa ukiiendesha mara moja. Mkulima akinyamaza kufikiri, utasikia upepo kwenye migomba unakuja juu polepole, halafu unazama akianza kusema.

DadaPasua
Mbona mnasahau kicheko? Shangazi alifuta mikono mara mbili. Mara ya kwanza ni tofauti ya kipindi na kipindi, ya pili ni mtu na mtu ndani ya kipindi kimoja. Integrated ni wastani wa kipindi kizima, inaweza kusoma -16 safi wakati mtangazaji yuko -13 na mgeni yuko -20.

Mimi nahariri mahojiano ya redio. Nakata sauti ya kila mtu kwenye mstari wake, napima kila mstari peke yake, nasawazisha, halafu kompresa laini ya 3:1. Kicheko nakishusha kwa mkono kwa Envelope Tool. Kazi ya nusu saa. Baada ya hapo programu yoyote mtakayotumia mwishoni itafanya vizuri.

FundiMawimbi
Naunga mkono, ila kama sauti zote mbili ziko kwenye kinasa kimoja, kukata si nusu saa, ni jioni nzima.

Sasa hesabu ya cha 12. Kutoka -24.1 hadi -16 unahitaji kupandisha 8.1. Ukifanya hivyo kikombe kinatoka -3 kinafika +5.1, na hapo faili la 16-bit linakata vichwa vya mawimbi, unasikia mkwaruzo. Audacity kwenye Loudness Normalization inapandisha tu, haizuii. Bahati nzuri ndani yake inahifadhi kwa 32-bit float, hivyo kitu hakiharibiki mpaka uhamishe faili. Kwa hiyo: Loudness Normalization -16, papo hapo Limiter -1.5, pima tena, ndipo uhamishe. Ikisoma -16.4 usihangaike, Apple wenyewe wanataka -16 na wanaruhusu kupishana 1 juu au chini.

Kwa ffmpeg kuna mtego. Watu hupima kwanza, wanarudisha namba kwenye loudnorm pamoja na `linear=true`, wanaamini faili limepandishwa sawasawa mwanzo mwisho. Ikiona ncha itavuka TP uliyoweka, inarudi kwenye ile ya kupanda na kushuka bila kukugombeza. Angalia mstari wa Normalization Type mwishoni, ukiona Dynamic ujue ndivyo. Dawa ni kubana ncha kwanza:

```
ffmpeg -i kipindi12.wav -af alimiter=limit=0.3:level=false kati.wav
```

0.3 ni kama -10.5, ukijumlisha 8.1 unabaki chini ya -2. Usisahau `level=false`, bila hiyo inapandisha yenyewe. Kisha pima `kati.wav` upya, ndipo urudishe namba zake. Na mwishoni weka `-ar 44100`, la sivyo faili linaweza kutoka na 192000.

ChaliiWaSakina
Yote hayo kwa kikombe? Si akikate tu?

DadaPasua
Hapo Chalii umesema kweli. Kishushe kikombe kwa mkono, ncha inayofuata huenda ni kicheko, na Limiter itakuwa na kazi ndogo.

SautiNjiro
Marejesho. Nimeshusha kikombe na vicheko vitatu, nikaenda njia ya Audacity: cha 11 kimesoma -16.1, cha 12 -16.3. Sikioni ni kitu kimoja. Vya zamani nimevipitisha ffmpeg, vyote vinasoma -16, lakini cha 9 kinapiga kelele kuliko wenzake. Namba inadanganya?

FundiMawimbi
Cha 9 ni mono?

SautiNjiro
Ndiyo, nilikihamisha mono kuokoa MB.

FundiMawimbi
Imepima chaneli moja, lakini simu inaitoa masikio yote mawili, hapo umeongeza 3. Weka `dual_mono=true` kwenye loudnorm, kupima na kuandika. Audacity ina tiki yake, Treat mono as dual-mono, na huja ikiwa imewekwa.

ChaliiWaSakina
Mimi bado nabaki na -14. Ndani ya daladala ya Moshi–Arusha -16 haisikiki.

DadaPasua
Na mimi nabaki na -16. Ukifika -14 kwa mazungumzo unabana mpaka mtu anasikika kama anaongea ndani ya ndoo. Mwenye daladala aongeze sauti mara moja, akipanda.

SautiNjiro
Cha 9 kimekaa sawa. Jumamosi naenda Moshi, nitampa shangazi cha 9 hadi 12 mfululizo, nikae jikoni niangalie mikono yake.