Tupeane uzoefu: akaunti mpya haina mfuasi hata mmoja, hashtegi mlizichanganyaje?

BintiMakorora (mwenye mada)
Assalam aleikum jamani, na wengine habari zenu. Nauza kofia za viua za kushona kwa mkono. Anayeshona ni shangazi yangu na wenzake wawili, hapa hapa Makorora, Tanga. Mwezi wa nne mwaka 2025 nilizifungulia akaunti Instagram, nikaanza na sifuri kabisa. Posti ya kwanza niliibandika hashtegi 22, zikiwemo #love, #fashion, #africa, #tanzania na #tanga. Dakika mbili hazijaisha, komenti nne. Roho ikafurahi. Kuzisoma, zote ni akaunti zinazotaka niwalipe wanitangaze. Wa kununua kofia hakuna.

Usiku nikakaa nikafungua hashtegi moja moja nione nimewekwa pamoja na nani. Kwenye #fashion nilishusha mpaka kidole kikachoka, posti yangu sikuiona. Iliyonishtua ni #tanga. Kwa Wabrazili na Wajerumani tanga ni aina ya chupi, basi kofia ya shangazi, ambayo watu wanaivaa msikitini, imekaa katikati ya picha za nguo za ndani. Nikaiondoa palepale.

Sasa naweka tano. Moja pana, #tanzania. Mbili za bidhaa, #kofiazamkono na #kofiazaviua. Mbili za mahali, #tangamjini na #tangaraha. Kwa wiki sita nimeweka posti 14, na kila anayeuliza bei namuuliza kaniona wapi, naandika daftarini. Wameuliza 19. Tisa walikuwa wanatafuta kofia, sita wamenikuta kwenye mambo ya Tanga, watatu walitumiwa na ndugu zao, mmoja hakumbuki. Aliyetaja #tanzania hakuna. Niitoe? Na nyie mlianzaje?

Kombo_Duga
Dada, mimi nilikuwa naweka zote 30. Wavu mkubwa ndio unaoleta samaki. Mwaka 2019 akaunti yangu ya jezi ilikua kwa njia hiyo hiyo, na wateja nilipata.

FundiPicha_Raskazone
Kombo, kwa 2019 sikubishii. 30 ndiyo ilikuwa kikomo na watu wengi walifanya hivyo. Lakini 2021 Instagram wenyewe walishauri hashtegi tatu hadi tano, na mwisho wa 2024 wakaondoa ile nafasi ya mtu kufuata hashtegi kama anavyofuata akaunti. Zamani mtu akifuata hashtegi ya jezi, picha yako ilimfikia bila yeye kutafuta. Mlango huo umefungwa. Sasa hashtegi kazi yake kubwa ni kuiambia Instagram hii posti ni ya nini, na kumsaidia yule anayetafuta kwa makusudi.

Binti Makorora, ulilofanya la kufungua hashtegi moja moja ndilo ninalowafundisha vijana ninaowapigia picha za bidhaa. Fungua hashtegi, tazama picha tisa za juu, ujiulize mambo mawili. Je, ni vitu vya aina yangu? Na wenye hizo akaunti wana wafuasi wangapi? Ukikuta zote tisa ni za watu wenye wafuasi laki na zaidi, wewe mwenye sifuri hutapanda pale. Ukikuta mbili tatu ni za wauzaji wadogo kama wewe, hapo pana nafasi. Na ukikuta posti tano tu tangu dunia iumbwe, ya mwisho ni ya miaka mitatu nyuma, hapo hakuna anayepita. Ndiyo maana sikushauri kushuka hadi mtaa. Tunajuana kwa barabara ya ngapi hapa Ngamiani, lakini nani anakaa na simu akaandika #barabarayakumi kutafuta kofia?

Hiyo #tanzania mimi ningeibakiza kwanza. Haitakuletea mteja moja kwa moja, ila inaisaidia posti ijulikane ni ya nchi gani. Ukitaka kuhakikisha, itoe kwenye posti tano zinazofuata, nyingine usiguse, daftari liendelee. Ukibadilisha tatu kwa mpigo hutajua iliyokusaidia ni ipi.

Kombo_Duga
Sawa kaka, nimekuelewa. Na kweli juzi nilipozidisha tano simu ilinikatalia, nikadhani ni bando.

MzeeSahare
Wanangu, mimi nauza matenga ya machungwa ya Muheza kwa status ya WhatsApp. Nimeweka hizo alama za reli wiki nzima na wanaotazama ni wale wale 40. Nakosea wapi?

BintiMakorora
Shikamoo mzee wangu. Hujakosea. Status wanaiona wenye namba yako tu, na wewe uwe na yao. Alama ya reli pale haimleti mtu mgeni. Tunaongelea Instagram, na hata huko akaunti ikifungwa iwe ya siri, asiyekufuata hakuoni kwa hashtegi yoyote.

Mchoraji_Kaole
Mimi niko Bagamoyo, na hesabu yangu imekwenda kinyume na ya dada. Wanunuzi wa picha zangu za kuchora ni wageni wanaokuja kutembelea magofu ya Kaole na Mji Mkongwe wa hapa Bagamoyo, kwa hiyo mahali pangu napaandika kwa namna mgeni anavyopatafuta: #bagamoyo na #visittanzania. Kwa bahati neno Bagamoyo halina maana nyingine huko nje, ukilifungua unaona Bagamoyo kweli.

Shida yangu ilikuwa kwenye aina ya kazi. Niliweka #tingatinga kwa sababu ndio mtindo ninaochora. Nikafungua: picha mbili za wanyama, inayofuata ni tingatinga la kuchimba barabara. Nikahamia #tingatingaart na jirani zangu wa pale wote wakawa wachoraji. Mauzo mawili ndani ya miezi mitatu, si mengi, lakini wote wawili walinitumia ujumbe kabla ya kufika Bagamoyo.

Ila nauliza, hashtegi mnaziweka kwenye maelezo au kwenye komenti ya kwanza? Mimi naziweka kwenye komenti, picha inapendeza zaidi.

FundiPicha_Raskazone
Mimi kwenye maelezo. Nimejaribu kote kuwili, tofauti ya kukuapia sijaiona. La muhimu zaidi ni maneno ya kawaida ya maelezo. Adam Mosseri, mkuu wa Instagram, ameshasema hashtegi hazikuongezei watazamaji kiasi watu wanachodhani. Kwa hiyo dada, hilo neno "kofia za viua Tanga" liandike pia kwenye sentensi na kwenye jina la akaunti, si kwenye hashtegi peke yake. Na mahali pa picha pachague kabisa pale unapoposti.

Kombo_Duga
Kwenye komenti haifanyi kazi, mimi najua.

Mchoraji_Kaole
Hao wageni wawili nimewapata zikiwa kwenye komenti, bwana. Labda walinipata kwa njia nyingine, siwezi kukataa.

MamaPapa_Pangani
Samahani naingilia. Nauza papa ng'onda. Nimeandika #papang'onda kwenye kila posti tangu Ramadhani na hakuna hata mmoja aliyenipata. Akaunti imefungiwa?

FundiPicha_Raskazone
Mama, haijafungiwa. Tazama rangi ya maandishi. Hashtegi inageuka bluu, na ikifika kwenye kile kikoma cha ng' inakatika. Umekuwa ukiweka #papang, neno lisilo na maana. Alama ya namna hiyo na nafasi vinaikata, mstari wa chini _ hauikati.

BintiMakorora
Mama, weka #papangonda. Halafu "papa ng'onda" sahihi uiandike kwenye maelezo kwa anayetafuta kwa kuandika.

MamaPapa_Pangani
Nimeangalia, kweli bluu imeishia kwenye g. Nimerekebisha posti tisa, nimeongeza #pangani na #tangaraha. Hiyo #pangani nimekuta na mambo ya Pangani ya Nairobi, sijui niiache. Ila leo asubuhi mtu wa Korogwe kauliza bei ya kilo mbili, anasema aliandika papa.